Kutia Vivuli vya Mawingu Katika Picha ya Vilima na Mashamba Iliyobadilishwa Anga

Mwalimu wa Jiografia anapoweka picha ya mandhari mbele ya wanafunzi, maswali ya kwanza aghalabu huwa mawili: picha hii ilipigwa wakati gani wa siku, na mpiga picha alikuwa ameelekea upande gani? Mwanafunzi hufundishwa kutafuta jibu katika vivuli. Kivuli kirefu ni cha asubuhi au jioni, kifupi ni cha mchana, na upande kinakoangukia huonyesha jua lilikokuwa. Ni somo zuri, lakini linategemea sharti moja, kwamba picha yenyewe haikumdanganya mwanafunzi.

Siku hizi wakufunzi wengi na wanachuo wao hutengeneza picha za ukutani kwa kompyuta. Picha ya vilima ikiwa na anga jeupe lisilo na kitu, huondolewa anga hilo na kutiwa jingine lenye mawingu. Kazi ya kukata na kubandika si ngumu. Ugumu uko katika ardhi, ambayo hubaki iking'aa yote kwa jua kali ilhali juu yake pana mawingu mengi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuitia ardhi hiyo vivuli laini vya mawingu vinavyopatana na anga jipya, na jinsi ya kuwafundisha wanachuo kazi hiyo hatua kwa hatua.

Kosa lililozaa makala haya

Picha tuliyoanza nayo ilipigwa karibu na mji wa Njombe katikati ya mwezi wa Julai, saa nne na nusu asubuhi, mpiga picha akiwa ameelekea kusini. Alisimama juu ya kinundu cha ardhi, kama mita 40 juu ya bonde. Mbele yake palikuwa na shamba lenye mabua ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, kisha bonde lenye vinyungu, kisha vilima viwili, kimoja nyuma ya kingine, vya malisho na mikaratusi. Siku hiyo hapakuwa na wingu, na kamera ililifanya anga kuwa jeupe tupu.

Nilitafuta katika picha zangu anga lenye mafungu ya mawingu kama pamba, nikalibandika, nikaitundika picha darasani. Niliwauliza wanachuo ilipigwa saa ngapi. Darasa liligawanyika pande mbili, kila upande ukishikilia hoja yake. Hatimaye mwanachuo mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, miti inasema asubuhi, lakini mawingu yanasema alasiri. Na hayo mawingu yote mbona hayana kivuli?"

Alikuwa na haki. Vivuli vya miti viliangukia kulia, kwa kuwa jua la asubuhi lilikuwa nyuma ya bega la kushoto la mpiga picha. Mawingu nayo yaling'aa upande wa kulia, maana yalipigwa alasiri. Nilirudi nyumbani nikachora kivuli chini ya kila wingu, na picha ikazidi kuharibika. Ilinibidi nianze upya na kujifunza kivuli cha wingu ni kitu gani.

Anga lipatane na jua la ardhi

Kazi huanza kwa kusoma jua katika picha ya ardhi. Katika picha yetu kivuli cha nguzo ya ua kilikuwa na urefu sawa na nguzo yenyewe. Hii ndiyo alama ya jua lililo digrii 45 juu ya upeo wa macho, na kwa hakika Njombe katikati ya Julai, saa nne na nusu asubuhi, jua huwa karibu na kimo hicho, upande wa kaskazini mashariki. Mwanachuo aandike mambo hayo mawili, kimo cha jua na upande wake, kabla hajagusa kompyuta.

Anga litakalochaguliwa hapana budi liwe limepigwa jua likiwa katika kimo kinachokaribia hicho na upande huohuo wa kamera. Si lazima liwe la mahali pamoja wala la mwelekeo mmoja wa dira. La muhimu ni kwamba jua lilikuwa nyuma ya bega la kushoto. Na hapa pana nafuu moja. Njombe katika Julai jua hufika kileleni yapata saa sita na dakika 47 za saa zetu, kwa kuwa mji huo uko magharibi ya mstari wa longitudo ambao saa ya Afrika Mashariki hufuata. Hivyo jua la saa nne na nusu asubuhi linalingana kwa kimo na lile la saa tisa na dakika chache alasiri, ila liko upande wa pili. Anga langu la alasiri lingefaa kabisa kama ningeligeuza kushoto kuwa kulia, kama mtu ajionavyo katika kioo. Mawingu hayana maandishi wala milango ya nyumba, na hakuna atakayeona kwamba yamegeuzwa.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba ardhi yenyewe iwe imepigwa penye jua. Ardhi iliyopigwa siku ya mawingu mazito haina sehemu zenye jua wala vivuli vya miti. Kuitia vivuli vya mawingu ni kuzidisha giza tu, kwani mwanga wa jua uliokosekana siku ile hauwezi kurudishwa.

Kivuli hakianguki chini ya wingu lake

Kosa langu la pili, la kuchora kivuli chini ya kila wingu, hufanywa na karibu kila anayeanza. Mtu hufikiri kwamba wingu lililo juu ya kilima katika picha liko juu ya kilima hicho katika dunia. Tufanye hesabu ndogo.

Tuseme tako la mawingu yetu liko mita 1,000 juu ya ardhi. Hicho ni kimo cha kawaida cha mawingu ya namna hiyo, na mwalimu anaweza kukikadiria kwa kutoa kiwango cha umande katika joto la hewa na kuzidisha tofauti kwa mita 125 kwa kila digrii. Ukingo wa juu wa picha yetu uko kama digrii 30 juu ya upeo wa macho. Wingu linaloonekana hapo, lililo karibu kuliko yote pichani, liko umbali wa karibu mita 1,700 kutoka kwa mpiga picha. Wingu linaloonekana kwa digrii 10 liko zaidi ya kilometa 5 na nusu, mbali kupita vilima vyetu vyote, kwa sababu kilima cha mwisho kiko kilometa 4.

Tena kivuli hakiangukii wima. Jua likiwa digrii 45, kivuli husukumwa mbali na jua kwa umbali ulio sawa na kimo cha wingu, yaani mita 1,000 kuelekea kusini magharibi. Katika picha yetu hii ni kama mita 700 mbele zaidi na mita 700 kulia. Basi lile wingu la karibu kuliko yote hutupa kivuli chake kama mita 2,400 mbele ya mpiga picha, kwenye kilima cha pili, tena upande wa kulia.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata kanuni mbili. Kwanza, ni mawingu ya nusu ya juu ya anga la picha peke yake yanayoweza kutia kivuli ardhi inayoonekana, nayo hutia kilima cha mbali. Mawingu ya chini, yale yanayoonekana kama yamekaa juu ya vilima, yanatia kivuli nchi tusiyoiona. Pili, vivuli vya shamba, bonde na kilima cha kwanza hutoka katika mawingu yasiyomo pichani, yaliyo juu ya kichwa cha mpiga picha na nyuma yake. Kwa hiyo hapa mchoraji ana uhuru wa kuchagua mahali pa kuviweka. Asichokuwa na uhuru nacho ni ukubwa na wingi wake. Vivuli viwe na ukubwa wa mawingu yaliyomo pichani, kwa kuwa miale ya jua husafiri karibu sambamba na kivuli hakikui wala hakipungui sana njiani. Na visizidi wingi wa mawingu. Karibu na upeo wa macho tunaona mbavu za mawingu pamoja na matako yake, hivyo anga huonekana limejaa kuliko lilivyo. Anga letu lilionekana nusu limefunikwa, nasi tulitia kivuli theluthi moja ya ardhi.

Umbo la kivuli juu ya bonde na juu ya kilima

Mwanachuo akiambiwa achore kivuli cha wingu, huchora doa la mviringo, na kulirudia doa hilohilo bondeni na mlimani. Macho ya mtazamaji hukataa mara moja, ijapokuwa yeye mwenyewe huenda asijue kwa nini.

Chukua kivuli cha mviringo chenye upana wa mita 400, kilichoko mita 1,500 kutoka kwa mtazamaji. Picha yetu ina upana wa pikseli 4,000, na kwa kamera yake upana wa kitu katika pikseli hupatikana kwa kuzidisha mita zake kwa 3,000 na kugawanya kwa umbali. Kivuli hicho kitakuwa na upana wa pikseli 800. Je, kimo chake? Kikiwa bondeni, penye ardhi tambarare, na mtazamaji yuko mita 40 tu juu yake, hesabu inatoa pikseli 22. Hilo si doa tena, bali ni ukanda mwembamba kama ufito uliolazwa. Lakini kivuli hichohicho kikiangukia mteremko wa digrii 20 unaomkabili mtazamaji, kimo chake hufika karibu pikseli 300, nacho huonekana kama yai lililolala.

Basi kanuni ya umbo ni hii: bondeni fito, mteremkoni mayai. Kivuli kimoja kikitoka bondeni na kupanda kilima, huanza kama ufito na kufunguka ghafla pale mteremko unapoanza. Kwa kufunguka huko mtazamaji hutambua mahali ardhi inapoinuka, hata kama nyasi hazimwonyeshi.

Jambo la mwisho kuhusu umbo ndilo lenye nguvu kuliko yote, nalo ni mgongo wa kilima. Kivuli kinapofika mgongoni hutoweka upande wa pili tusiouona, na kilima cha nyuma kina vivuli vyake vingine kabisa. Kwa hiyo ukingo wa kivuli hauwezi kuendelea bila kukatika kutoka kilima cha mbele hadi cha nyuma. Ukiuendeleza, vilima viwili vitagandamana kama karatasi moja. Ukiukata, nafasi iliyo kati yake itafunguka. Katika picha yetu tuliacha mgongo wa kilima cha kwanza kwenye jua na kutia kivuli sehemu ya kilima cha pili iliyo nyuma yake. Hapo ndipo wanachuo waliona kwa mara ya kwanza kwamba kati ya vilima hivyo kuna bonde jingine.

Kivuli si weusi

Mahali palipofunikwa na kivuli cha wingu pamenyimwa jua, lakini hapakunyimwa mwanga. Mwanga wa anga la buluu na wa mawingu meupe ya jirani huendelea kufika. Kwa mawingu yaliyotawanyika, ardhi iliyo kivulini hubaki na mwanga wa kama robo hadi theluthi ya ule wa juani. Katika picha, kwa namna kamera inavyohifadhi mwanga, robo hiyo haionekani kama robo. Nyasi zenye thamani ya 200 juani zitakuwa na karibu 105 hadi 120 kivulini. Rangi huelekea kidogo kwenye buluu, lakini si sana, maana mwanga wa mawingu ni mweupe.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Vivuli vya miti vilivyokuwamo katika picha ya awali tayari vilikuwa havipati jua. Wingu likipita juu yake, hakuna jua jingine la kuvinyima. Yaani sehemu zenye jua hushuka sana, lakini sehemu zilizokwisha kuwa kivulini hushuka kidogo tu. Matokeo yake ni kwamba ndani ya kivuli cha wingu vivuli vya miti hufifia na kukaribia kupotea. Anayetia giza kwa kupaka rangi nyeusi iliyopunguzwa nguvu huteremsha vyote pamoja, na hivyo mti ulio ndani ya kivuli cha wingu huendelea kutupa kivuli chake chenye ukingo mkali, kana kwamba una jua lake la siri.

Umbali nao una sehemu yake. Kati ya macho na kilima cha kilometa 4 kuna hewa yenye vumbi na mvuke inayong'aa, nayo huweka pazia jeupe juu ya kila kitu. Kivuli cha kilima hicho hakina budi kuwa hafifu kuliko cha shambani. Kipimo chake kimo ndani ya picha yenyewe: kivuli cha wingu juu ya nyasi kisiwe cheusi kuliko kivuli cha mti kilicho katika umbali uleule.

Ukingo laini, na kwa nini

Jua si nukta. Upana wake ni kama sehemu moja ya 107 ya umbali wake. Kwa hiyo ukingo wa kila kivuli una nusu-kivuli, yaani mahali panapoona sehemu tu ya uso wa jua, nao upana wake ni sehemu moja ya 107 ya umbali kutoka kwenye kizuizi. Mwalimu aonyeshe jambo hili uwanjani. Kipande cha ubao mwembamba kikishikwa sentimeta 10 juu ya karatasi nyeupe, na karatasi ikielekezwa juani, ukingo wa kivuli huwa na upana wa milimita 1 hivi. Kikiinuliwa mita 1, huwa milimita 9. Wanachuo wapime kwa rula.

Wingu letu, kwa mshazari wa miale ya jua, liko kama mita 1,400 kutoka kwenye kivuli chake. Nusu-kivuli yake ni mita 13, nayo ikilazwa juu ya ardhi tambarare hufika karibu 19 upande wa jua. Tukiongeza kwamba kingo za wingu lenyewe ni nyembamba na zenye kupitisha mwanga, ukingo mzima huwa makumi ya mita. Sisi tulichukua mita 40.

Kwa kanuni yetu ya pikseli, ukingo wa mita 40 una pikseli 240 kwa umbali wa mita 500, na 80 kwa mita 1,500, na 30 tu kwa kilometa 4. Hivyo kivuli cha karibu ni laini sana na cha mbali kina ukingo unaoonekana mkali zaidi. Tena bondeni, ambako kila kitu kimelazwa, mita hizo 40 kwa kwenda mbali huwa pikseli 2 tu za kimo. Ufito wa kivuli bondeni una ncha laini kushoto na kulia, lakini juu na chini yake ni kama umekatwa kwa kisu. Anayelainisha pande zote kwa kiasi kimoja hupata ukungu, wala hapati kivuli.

Kazi kwenye kompyuta

Tulitumia programu ya GIMP, toleo la 2.10 lililotolewa mwaka 2018, kwa kuwa haiuzwi na vyuo vyetu vinaweza kuipata bila gharama. Anga jipya likiwa limekwisha kuwekwa, kazi hufuata utaratibu huu.

Kwanza, tabaka la ardhi hunakiliwa kwa `Layer > Duplicate Layer`. Nakala ya juu itakuwa ardhi ya kivulini, na ya chini itabaki ardhi ya juani.

Pili, nakala ya juu hutiwa giza kwa `Colors > Curves`. Mstari wa programu huinamishwa ili thamani 200 ishuke hadi 110, na thamani 60, ambayo katika picha yetu ndiyo ya vivuli vya miti, ibaki karibu 55. Hivyo vivuli vya miti hufifia vyenyewe. Kisha kwa `Colors > Color Balance` buluu huongezwa kidogo. Njia hii ina mpaka wake. Mikaratusi iliyo juani nayo ilikuwa na thamani ya karibu 70, na programu haiwezi kuitofautisha na kivuli. Ilibaki inang'aa ndani ya kivuli cha wingu, ikabidi tuitie giza peke yake kwa mkono.

Tatu, nakala hiyo hupewa kifuniko kwa `Layer > Mask > Add Layer Mask`, kilichojazwa weusi. Penye weusi nakala haionekani, penye weupe huonekana. Sasa kupaka weupe kwa brashi ni kutia kivuli.

Nne, hurudiwa nakala na kifuniko kwa kila sehemu ya umbali: shamba, bonde, kilima cha kwanza, kilima cha pili. Kila sehemu huzungushiwa mpaka kwa kifaa cha kuchagulia, ili brashi isivuke mgongo wa kilima. Mpaka huo uwe mkali kama mgongo wenyewe ulivyo.

Tano, baada ya kupaka fito na mayai kwa ukingo mkali, kila kifuniko hulainishwa kwa `Filters > Blur > Gaussian Blur`, mpaka wa sehemu ukiwa bado umechaguliwa ili ulaini usimwagike nje yake. Kiasi kinachoandikwa hapo kiwe kama theluthi ya upana wa ukingo tunaoutaka. Kwa kilima cha kwanza, mita 1,500, tuliandika 27 kwa `Size X` na 10 kwa `Size Y`, kwa sababu mteremko hufupisha kimo. Kwa bonde tuliandika 27 na 1. Alama ya mnyororo iliyo kati ya namba hizo hufunguliwa kwanza, la sivyo zitabadilika pamoja.

Mwisho, kwa tabaka la kilima cha pili `Opacity` hupunguzwa mpaka kivuli kiwe chepesi kuliko kivuli cha mti wa kilima hichohicho. Sisi tuliishia kwenye 60.

Kukagua

Picha ikaguliwe kwanza ikiwa imepunguzwa mpaka iwe na ukubwa wa kiganja. Katika ukubwa huo vivuli vionekane kama mpangilio wa ardhi, bonde limelala na vilima vimesimama. Vikionekana kama madoa juu ya kioo cha picha, maumbo ni ya mviringo mno, au kingo zimevuka migongo. Kisha picha igeuzwe kushoto kuwa kulia. Macho yaliyozoea picha kwa saa nyingi huamka tena na kuona kosa lililokuwa limejificha. Hatimaye mwanachuo asiyeijua kazi hiyo aulizwe swali lilelile la awali: ni saa ngapi, na tumeelekea wapi? Picha yetu ya tatu ilipotundikwa, darasa lilijibu kwa sauti moja kwamba ni asubuhi, na jua liko nyuma yetu kushoto.

Hata hivyo, usahihi huo wenyewe unatuwekea wajibu. Picha iliyotengenezwa vibaya hujitangaza, lakini iliyotengenezwa vizuri huaminiwa. Mwanafunzi anaweza kuitumia kuthibitisha kwamba Julai ile kulikuwa na mawingu Njombe asubuhi, jambo ambalo si kweli. Kwa sababu hiyo, chini ya picha yetu tuliandika kwa herufi zinazosomeka: "Ardhi: Njombe, Julai, saa 4:30 asubuhi. Anga ni la siku nyingine. Vivuli vya mawingu vimetiwa chuoni." Picha ya namna hiyo ifundishie umbo la ardhi na mwelekeo wa jua. Kwa somo la hali ya hewa itumike ile ya kwanza, yenye anga lake jeupe.